Maana moja kwenye kamusi, mbili kwenye shairi

Je, kwa nini ukibadilisha neno moja kwenye shairi, ukaweka lingine lenye maana ileile, shairi linageuka?

Kwa sababu kamusi inakwambia neno linataja kitu gani, ila haikwambii nani huwa analitamka, kwa sauti gani na mbele ya nani. Hayo yote neno linakuja nayo hata usipoyaita.

Chukua kipande hiki nilichotunga hapa hapa: "Mzee amefariki". Mizani nane, habari imefika. Ni lugha ya matangazo ya vifo, ina heshima lakini iko mbali kidogo, kama vile anayesema hahusiki. Sasa weka "Mzee katangulia", mizani bado nane na mtu ni yule yule, ila aliyetangulia lazima kuna wanaomfuata, kwa hiyo msemaji kajiweka mwenyewe kwenye foleni bila kutamka neno "mimi". Ukiandika "Mzee kakata roho" unatupeleka mpaka kitandani, tunaona mwili na pumzi ya mwisho, adabu ya tangazo imeondoka.

Hapo utasema aah, mshairi kafuata kina tu. Kweli inatokea, na neno likiwa mwishoni mwa kipande usikimbilie kulichimba kabla hujaangalia kina kinadai nini. Lakini hata kina kikibana bado kuna nafasi ya kuchagua. Tuseme kina ni "-ka", unaweza kupata "Mzee ametutoka" na pia "Mzee amezimika", mizani sawa, kina sawa. La kwanza lina "-tu-" ndani yake, yaani msiba ni wetu, sisi ndo tumeachwa. La pili halina sisi wala safari, kuna moto uliokuwa unawaka na sasa hauwaki, basi. Mimi naona la pili ni kali zaidi, maana halimwachii msomaji pa kujifariji.

Halafu rangi ya neno haijagandishwa, jirani yake anaweza kuipindua. Soma hii: "Mzee ametutoka, kijiji chashangilia". Neno la huzuni limegeuka kejeli, na kadiri lilivyo la heshima ndivyo linavyochoma. Ungeweka "kafa" pale kejeli ingepungua sana, kwa sababu "kafa" halina heshima ya kugeuzwa. Ndo maana orodha za kwamba neno fulani ni zuri na lile baya hazikufikishi mbali.

Ukitaka kujua neno lina kazi au limejaza mizani tu, litoe, weka lingine la mizani hiyo hiyo, soma kwa sauti, kisha jiulize anayesema sasa ni nani na amesimama wapi. Kama bado ni mtu yule yule na sauti ile ile, huenda neno lilikuwa la kujazia tu.