Sanduku Zito Huinuliwa kwa Nyonga

Sanduku lililochorwa kwenye kompyuta halina uzito wowote. Mtazamaji huukadiria uzito huo kwa kuutazama mwili wa anayeliinua, na mara nyingi huwa ameshaamua kabla sanduku halijabanduka sakafuni.

Tuchukue mhusika wa kilo 70 anayeinua sanduku la kilo 20, katika katuni ya fremu 24, yaani picha 24, kwa sekunde. Anatanua miguu, anashusha nyonga, anashika. Maandalizi hayo tuyape fremu 16 hivi, ingawa kwa sanduku tupu fremu 6 zingetosha. Kisha hufuata kipande ambacho wanaojifunza hukiruka: nyonga zinaanza kupanda, mikono inanyooka kama kamba iliyokazwa, mabega yanavutwa chini, na sanduku bado limetulia kwa fremu 4 au 5. Likianza kusogea katika fremu ileile ya nyonga, litaonekana limejaa sifongo, hata mhusika akikunja uso namna gani. (Uso ndio kitu cha mwisho ninachokitazama ninaposahihisha kazi ya namna hii.)

Sanduku linapobanduka, hesabu ya mizani inabadilika. Mtu akisimama mikono mitupu, kitovu chake cha uzito, yaani nukta ambayo uzito wote wa mwili ni kama umekusanyika hapo, kiko usawa wa tumbo la chini, na ili asianguke, mstari wima unaoshuka kutoka hapo sharti utue katika eneo lililozungukwa na nyayo zake. Akishabeba, mwili na mzigo vina kitovu kimoja cha pamoja. Kama sanduku liko sentimita 40 mbele ya kitovu cha mwili, tunazidisha 20 kwa 40 na kugawanya kwa 90, ambazo ni jumla ya kilo zote: kitovu cha pamoja kimesogea mbele takribani sentimita 9. Mwili hauna budi kurudi nyuma kiasi hichohicho, na ndiyo maana kiwiliwili cha anayebeba hulalia nyuma. Akilivuta sanduku hadi sentimita 25, zinabaki kama 6 tu. Watazameni makuli sokoni: mzigo haukai mbali na tumbo hata kidogo.

Kosa hugundulika kwa urahisi. Simamisha picha mhusika akiwa ametulia na mzigo, weka alama kwenye kitovu cha pamoja, ushushe mstari. Ukitua mbele ya vidole vya miguu, mhusika huyo angeanguka kifudifudi. Rudisha nyonga nyuma kwanza, ndipo urekebishe mgongo, kwa sababu ukianza na mgongo utapata mtu aliyepinda kiuno na bado hana mizani.

Anapopiga hatua, mstari unaweza kutoka nje ya nyayo kwa fremu chache, mradi mguu unaofuata uwahi kuudaka. Kwa mzigo mzito mguu huo huwahi mapema, hivyo hatua huwa fupi na unyayo hauinuki sana kutoka chini.