Mzigo pacha wa chanzo haupati nguvu yote

"Mwalimu, chanzo changu ni omu 50 + j50, na mzigo nimeufanya 50 + j50 vilevile. Si hapo ndipo napata nguvu ya juu kabisa?"

Hapana, mwanangu. Hiyo ni kanuni ya betri, na umeihamishia kwenye mkondo geu bila kuibadilisha. Ile j50 ni riaktansi, yaani jinsi koili inavyozuia mkondo geu, na koili huchelewesha mkondo. Ukiweka koili ya pili, unauchelewesha zaidi.

Tuhesabu kwa chanzo cha volti 10. Mzigo wako unafanya jumla iwe 100 + j100, yaani omu 141 hivi. Mkondo ni ampea 0.0707, na ukinzani wa omu 50 unapokea wati 0.25. Sasa toa koili ya mzigo, weka kapasita: 50 − j50. Riaktansi zinafutana, inabaki omu 100 tupu, mkondo unapanda hadi ampea 0.1, na mzigo unapata wati 0.5. Mara mbili, kwa kubadili alama tu!

Kwenye masafa ya megahezi 1, kapasita hiyo ni nanofaradi 3.2 hivi. Lakini ukizungusha masafa, riaktansi hazifutani tena. Ndiyo maana fundi wa redio za boti pale Likoni anayebadili chaneli mbali sana huona antena yake ikirudisha nguvu.

Na nusu ya nguvu bado inapotea ndani ya chanzo. Umeme wa majumbani haulinganishwi hivi.