Kupungua uzito na kupungua mafuta ni mambo mawili

"Nimekata kilo tatu za mafuta ndani ya wiki." Kauli hii imezoeleka mno, na anayeisema mara nyingi amekunywa chai ya kuharisha, amelala njaa, au amekimbia akiwa amejifunga nailoni tumboni ili atoke jasho. Mzani unaweza kweli kuonyesha kilo tatu pungufu, lakini hizo kilo tatu si mafuta.

Kupungua mafuta ni hali ya mwili kutumia akiba yake ya mafuta, iliyo chini ya ngozi na kuzunguka viungo vya tumboni, kwa sababu nishati inayoingia kwa chakula ni ndogo kuliko inayotumika. Kupungua uzito ni namba ya mzani kushuka kwa sababu yoyote ile: maji, choo, misuli au mafuta.

Tumchukue dereva wa basi la Dar es Salaam kwenda Arusha, mwanamume wa miaka 46 mwenye kilo 96 na kiuno cha sentimita 108. Leo anapanda, kesho anashuka, keshokutwa anapumzika. Safari ni zaidi ya kilomita 600, na karibu muda wote amekaa kwenye usukani. Asubuhi anakunywa chai ya vijiko vitatu vya sukari, Korogwe anakula chipsi kuku na soda, na mbele ya safari konda anampa soda ya pili ili asisinzie. Akifika Arusha anapanda bodaboda hadi nyumba ya wageni, kilomita moja tu kutoka stendi.

Hakuacha kula, na ni vizuri hakuacha, maana dereva mwenye njaa kali hupoteza umakini, na anayetumia dawa za kisukari anaweza kushukiwa na sukari akiwa barabarani. Alichofanya ni kubadilisha vitu vidogo. Soda ya pili aliiacha akaweka maji. Chupa ya mililita 350 ina sukari gramu 35 hivi au zaidi kidogo, sawa na kalori kama 150. Kuku aliendelea kumla, chipsi akazipunguza nusu na pengo lake akalijaza kwa maharage na mchicha. Hapo kalori 200 hivi zinaokolewa, naye hatoki mezani na njaa. Vijiko vitatu vya sukari vikawa kimoja. Arusha akaanza kutembea kwa miguu kutoka stendi hadi anapolala, na alfajiri kurudi. Kwa mtu wa uzito wake, kilomita hizo mbili ni kama kalori 100 juu ya zile ambazo mwili ungetumia akiwa amekaa.

Ukijumlisha siku za safari, siku za mapumziko, na siku anazojisahau kwenye sherehe, tuseme pengo la wastani ni kalori 300 kwa siku. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba kalori 7,700 hivi. Mara siku 30, pengo lake ni kalori 9,000, yaani kilo moja na kidogo ya mafuta kwa mwezi. Hiyo ndiyo kasi yake halisi, na baadaye itapungua, kwa kuwa mwili mwepesi hutumia nishati kidogo zaidi kwa kazi ileile.

Sasa irudie hesabu hiyo kwa yule wa kilo tatu kwa wiki. Kilo tatu za mafuta ni zaidi ya kalori 23,000. Gawanya kwa siku saba, unapata zaidi ya kalori 3,000 za pengo kila siku. Wanaume wengi wenye kazi ya kukaa hawatumii kalori nyingi hivyo kwa siku nzima, kwa hiyo hata asingekula kabisa asingefika.

Basi kilo zile zimetoka wapi? Misuli na ini huhifadhi wanga kwa umbo linaloitwa glaikojeni, na kila gramu yake hukaa na takriban gramu tatu za maji. Ukikata chakula ghafla, glaikojeni hutumika na maji yake hutoka kwa mkojo. Chai ya kuharisha huongeza maji mengine na choo. Jasho nalo ni maji na chumvi. Lita moja ya jasho ni kilo moja kwenye mzani, nayo hurudi ukinywa lita moja. Mafuta yenyewe hayatoki kwa jasho. Yakishatumika huwa kaboni dioksidi na maji, na sehemu kubwa ya uzito wake huondoka kwa pumzi. Nailoni tumboni haisaidii lolote hapo.

Madereva hasa wanadanganywa na maji kwa sababu wengi hujinyima kunywa ili wasisimamishe basi kwa haja ndogo. Anayejipima mwisho wa safari ya namna hiyo ataona amepungua, na ni kiu tu. Dereva wetu wiki ya kwanza alishuka kilo mbili, akafurahi. Wiki ya pili, kesho yake baada ya nyama choma na kachumbari yenye chumvi nyingi, mzani ukapanda karibu kilo moja. "Suka, mbona umerudi kulekule?" konda akamuuliza. Hakurudi. Chumvi ilishika maji, na mafuta yaliendelea kupungua polepole bila mzani kuonyesha.

Kipimo kilichomfaa ni futi kamba ya fundi cherehani. Ilipitishwa katikati ya mbavu ya mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, akiwa amesimama, amepumua nje kawaida bila kuvuta tumbo, mara moja kwa mwezi, asubuhi kabla ya chai. Baada ya miezi sita kiuno kilikuwa sentimita 103 na uzito kilo 91. Bado ana kitambi, lakini mkanda umeingia tundu mbili.

Kiuno cha dereva kina historia yake. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha utafiti wa mabasi ya ghorofa ya London, ulioonyesha kuwa madereva waliokaa siku nzima walipata zaidi magonjwa ya mishipa ya moyo kuliko makonda waliopanda na kushuka ngazi. Mwaka 1956 wakafuata vipimo vya sare zao, wakaona suruali za madereva ni pana zaidi kiunoni, hata kwa vijana. Hilo la vijana lina uzito wake: huenda wanaoingia kwenye udereva tayari walikuwa wanene zaidi, hivyo kiti peke yake hakistahili lawama yote. Lakini angalia walichopima. Walipima kiuno, mahali ambapo mafuta ya tumboni hujionyesha.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa kilo tatu, sema "uzito umepungua kilo tatu" nami nitakubali bila ubishi. Kuhusu mafuta, kunywa maji yako kama kawaida, kula, subiri mwezi uishe, kisha upime kiuno.