Baridi ya Makete, Joto la Dar: Tezi ya Thairoidi na Moto wa Mwili

Wagonjwa wangu ambao tezi yao ya thairoidi imepungua nguvu hulalamika kwamba wanasikia baridi, lakini ninapowapima, kipimajoto mara nyingi huonyesha joto la kawaida. Malalamiko hayo ni ya kweli, na kipimajoto nacho hakijakosea. Kinachopungua kwanza ni kiasi cha joto ambacho mwili unakitengeneza, ilhali joto la ndani bado linalindwa kwa kuinyima ngozi damu yenye joto.

Mtu mzima aliyepumzika huzalisha joto la wati 70 hivi, kama balbu ya zamani. Sehemu kubwa ya joto hilo hutokana na kazi zisizokoma: pampu zinazotoa sodiamu na kuingiza potasiamu katika kila seli, misuli inayohamisha kalsiamu, moyo unaodunda. Homoni ya T3, inayotokana na tezi ya thairoidi, huingia katika kiini cha seli na kuamuru vitendea kazi hivyo viongezwe. Katika upungufu mkubwa wa homoni, wati 70 zinaweza kushuka hadi 50 hivi. Ikizidi sana, zinaweza kupanda kupita 100.

Juu ya msingi huo kuna akiba inayowashwa baridi inapozidi, yaani mafuta ya kahawia. Watoto wachanga wanayo mengi. Watu wazima wanayo machache, hasa shingoni na juu ya mifupa ya mtulinga. Baridi ikigusa ngozi, mishipa ya fahamu humwaga noradrenalini kwenye seli hizo, na protini iitwayo UCP1 huiachia mitokondria, yaani vinu vya nishati vya seli, iunguze mafuta kwa ajili ya joto tu. Kinachonivutia zaidi hapa ni kwamba seli hizo hazisubiri T3 iletwe na damu peke yake. Zina kimeng'enya kinachoondoa atomu moja ya iodini kutoka kwenye T4, homoni ambayo tezi huitoa kwa wingi zaidi, na kuifanya T3 papo hapo, na noradrenalini yenyewe ndiyo inayokichochea. T4 ikiwa haba, kimeng'enya hukosa malighafi, kwa hiyo mishipa ya fahamu hupaza sauti zaidi lakini seli huitika kwa unyonge. Mwili hubaki na njia ya kubana mishipa ya damu ya ngozi, na ndiyo maana mikono huwa baridi, mikavu na iliyopauka.

Chukulia mama mkulima wa viazi huko Makete, mwenye kilo 60. Mwezi Juni anavaa masweta mawili wakati jirani zake wanavaa moja. Anapokuja kwa mwanawe Dar es Salaam, baridi inatoweka, naye anadhani amepona. Hajapona: katika nyuzi 30 mwili hauhitaji joto la ziada, kwa hiyo upungufu umejificha tu. Mapigo ya moyo bado ni ya polepole, sauti imekwaruza na choo ni kigumu. Kwa sababu hiyo, kwa wagonjwa wa pwani sisubiri malalamiko ya baridi ndipo niagize kipimo. Damu yake ikionyesha T4 ya chini na TSH ya juu, yaani homoni inayoihimiza tezi ifanye kazi, dozi kamili ya levothairoksini, ambayo ni T4 ya vidonge, ni takriban mikrogramu 1.6 kwa kila kilo, yaani karibu 100 kwa siku, ingawa kwa mzee au mwenye ugonjwa wa moyo huanza na dozi ndogo zaidi. Dawa hujengeka polepole, kwa hiyo TSH hupimwa tena baada ya wiki 6 hadi 8.

Kwa tezi iliyozidisha kazi, mtu angedhani mafuta ya kahawia ndiyo yanayowaka kupita kiasi. Hata hivyo, panya wasio na UCP1 wakipewa homoni hiyo nao huzalisha joto la ziada, kwa hiyo sidhani mafuta hayo ndiyo chanzo kikuu. Mgonjwa huyu anapaswa kutoa joto jingi hata akiwa amekaa, kwa hiyo ngozi yake ni ya moto na yenye majimaji. Dar mwezi Februari hewa imejaa unyevu, jasho linatiririka bila kukauka, na jasho lisilokauka halipozi. Propranololi hupunguza jasho na mapigo ya moyo mapema, lakini kabimazoli huchukua wiki kadhaa, kwa sababu huzuia homoni mpya tu wakati tezi ina akiba ya kumaliza kwanza.

Mgonjwa wa namna hii akipata homa kali na kuchanganyikiwa, hiyo si hali ya kawaida ya ugonjwa wake. Apelekwe hospitali mara moja. Kwa upande wa pili, mwenye upungufu wa muda mrefu akilegea na kusinzia, kipimajoto cha kioo kinachoanzia nyuzi 35 kinaweza kuficha joto lililoshuka chini ya hapo. Mgonjwa huyo naye ni wa dharura, na njiani afunikwe blanketi bila kuwekewa chupa za maji ya moto, kwa kuwa ngozi ikipashwa ghafla mishipa yake hufunguka na shinikizo la damu huweza kuporomoka.