Muda wa oda ukiisha, bidhaa hairudi yenyewe

"Kwenye duka langu la mtandaoni nimeweka dakika 30 za kushikilia bidhaa ya oda ambayo haijalipiwa. Si zikiisha tu inarudi stoo yenyewe?"

Hapana. Dakika hizo ni saa tu iliyoandikwa kwenye hifadhidata. Kinachorudisha bidhaa ni kazi inayojiendesha, tuseme kila dakika 5, ikitafuta oda zilizopitwa na muda. Oda ya saa 4:02 inaisha 4:32, lakini kazi ikipita 4:30 na 4:35, bidhaa inabaki imefungwa dakika 3 zaidi. Hilo ni dogo.

Kubwa ni malipo yanayoingia wakati kazi imeshasoma orodha yake. Ikirudisha bidhaa bila kuangalia tena, jozi ya mwisho ya viatu inaweza kuuzwa mara mbili. Kwa hiyo hali ya oda ibadilishwe kwa sharti:

```sql
UPDATE oda SET hali='imefutwa'
WHERE id=81 AND hali='inasubiri'
AND mwisho<=NOW();
```

Ikibadilika safu mlalo 1, rudisha bidhaa ndani ya muamala huohuo. Ikiwa 0, acha: malipo yamewahi, au kazi nyingine imeshaifuta. Upande wa malipo nao uwe na sharti la `inasubiri`. Ukikuta oda imefutwa, jaribu kushikilia bidhaa upya. Kama imekwisha, mrudishie mteja pesa zake mara moja.