Je, wajua? Mzee aliyetulia kitandani ndiye anayeweza kuwa na deliriamu

"Jamani nina asaimenti ya wodini, mzee akiwa kachanganyikiwa nitajuaje kama ni deliriamu au demensia, mbona zote naona zinafanana?"

Usianze na kumbukumbu, maana mwenye demensia na mwenye deliriamu wote wanaweza kusahau mwaka. Uliza imeanza lini, halafu angalia kama anaweza kushika umakini. Demensia huja polepole, miezi hadi miaka, na kwa muda mrefu mgonjwa anabaki macho na anakufuata mkiongea. Deliriamu inaanza ndani ya saa au siku chache, inapanda na kushuka, asubuhi yuko sawa jioni hayuko.

Sasa chukua bibi wa miaka 82, ana demensia miaka mitatu, kavunjika nyonga kafanyiwa upasuaji. Siku ya tatu analala tu, hali chakula, hasumbui mtu, na kwenye faili kunaandikwa "demensia, ametulia". Hapo ndipo wengi wanapotezwa, kwa sababu wanasubiri deliriamu ya kupiga kelele na kung'oa dripu, kumbe ile ya kimya ndo inapitwa sana na ni hatari.

Mpime kwa 4AT, kipimo kifupi cha kuchuja deliriamu, ni dakika mbili hivi. Ukimwita anafungua macho anasinzia tena katikati ya sentensi, hiyo ni 4. Umri, tarehe ya kuzaliwa, mahali alipo, mwaka huu: anakosea mawili, ni 2. Mwambie ataje miezi kinyumenyume kuanzia Desemba, anasema Desemba, Novemba, anapotea, ni 1 (angefikisha saba sawasawa angepata 0). Swali la mwisho haliulizwi kwake, linaulizwa kwa anayemjua, na binti yake anasema mama juzi alikuwa ananiita jina na kula mwenyewe, basi mabadiliko ya ghafla ni 4. Jumla 11, na kuanzia 4 tayari unashuku deliriamu. Ona kwamba yale makosa mawili ya kumbukumbu peke yake yangeweza kutokana na demensia yake tu, kilichoamua ni kusinzia na maneno ya binti.

Kwa hiyo bibi ana vyote viwili, na hii hutokea sana kwa sababu demensia yenyewe inamweka mtu kwenye hatari ya deliriamu. Jibu lako lisiishie kwenye jina, tafuta chanzo: oksijeni, sukari, maambukizi, maumivu, choo kigumu, dawa. Huyu usiku alipewa daifenhidramini ili alale, na ukimgusa chini ya kitovu kibofu kimejaa, dawa hiyo hiyo inasinzisha na pia inaweza kuzuia mkojo. Inasimamishwa, mkojo unatolewa, ila usitegemee atazinduka leo leo, inaweza kuchukua siku au wiki.

Andika pia kwamba 4AT ni ya kuchuja tu, haithibitishi ugonjwa. Kuna demensia ya miili ya Lewi ambayo nayo inapanda na kushuka na mgonjwa anaona vitu visivyokuwepo, huko historia ya miezi iliyopita kutoka kwa ndugu ndo itakusaidia, na kama bado huna uhakika mchukulie ana deliriamu mpaka utafute chanzo ukikose.