Je, wajua kwa nini "05/06 saa 3" husomeka kwa namna nane?

Kwa nini watu wawili husoma ujumbe mmoja wa miadi na kufika kwa nyakati tofauti?

Chukua ujumbe huu: "Tukutane 05/06 saa 3:00." Anayetanguliza siku ataelewa tarehe 5 Juni, ilhali aliyezoea mtindo wa Kimarekani, unaotanguliza mwezi, ataelewa tarehe 6 Mei. Saa nayo ina sura nne, kwa kuwa Kiswahili huhesabu saa tangu mapambazuko na machweo: saa tatu yetu ni 09:00 au 21:00, lakini anayesoma kwa hesabu ya Kiingereza atadhani ni 03:00 au 15:00. Tarehe mbili mara saa nne ni maana nane.

Utata wa tarehe hujificha vizuri kwa sababu hauonekani kila siku. Tarehe 25/06 haina shida, maana hakuna mwezi wa 25. Hatari imo katika siku 12 za mwanzo wa kila mwezi, isipokuwa pale siku na mwezi vinapolingana, kama 07/07; kwa hiyo mwaka mzima una tarehe 132 za namna hiyo. Mtu anaweza kuandika vibaya zaidi ya wiki mbili mfululizo asigundue lolote. Dawa ni kuutaja mwezi kwa jina, kisha kuongeza siku ya juma: "Ijumaa, 5 Juni 2026". Jina la siku si pambo, kwani 6 Mei 2026 ni Jumatano, na msomaji aliyekosea atagundua mara moja kwamba siku na tarehe havikubaliani. Mfumo wa kimataifa wa ISO 8601 huandika 2026-06-05, ukianza na mwaka, nao unafaa sana katika majina ya mafaili.

Kwa saa, wengi hushauri mtindo wa saa 24, na ushauri huo ni sahihi nusu tu. Hakuna atakayeisoma 15:00 vingine, kwa kuwa Kiswahili hakina saa kumi na tano. Lakini 09:00 bado inaweza kumfanya Mswahili aje saa tisa alasiri, yaani saa sita baadaye. Basi tofauti ya saa sita kamili ndiyo dalili ya kosa hili, na kinga yake ni kuandika kwa njia zote mbili: "09:00 (saa tatu asubuhi)". Iwapo mwenzako yuko nchi ya mbali, ongeza ukanda wa saa, kwa mfano UTC+3.

Usiku wa manane unahitaji uangalifu zaidi. "Mwisho ni Ijumaa saa sita usiku" huacha swali kama ni Ijumaa inapoanza au inapokwisha, na hata maneno "usiku wa Ijumaa" wengine huyaelewa kuwa usiku wa kuamkia Ijumaa. Mimi huandika "Ijumaa, 5 Juni 2026, 23:59 (usiku wa kuamkia Jumamosi)".